Karatasi ilisema 9.2, kilima cha Pugu kikakataa

Jumapili moja, kama saa nne asubuhi, tulikuwa tunapanda Pugu kuelekea Kisarawe. Rajabu mbele, mimi nyuma nimeshika keria. Pikipiki ilikuwa imefungwa silinda mpya siku tatu kabla, na kutoka Gongo la Mboto mpaka pale kilima kinapoanza ilikwenda vizuri mno. Kilima kilipokaza tukiwa gia ya tatu, Rajabu akavuta mafuta yote. Hapo nikausikia mlio mkavu wa haraka haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati.

Akarudisha mafuta, mlio ukakata. Akavuta tena, ukarudi.

"Mjomba, umeisikia?"

"Nimeisikia. Shusha gia, usiilazimishe."

Tulifika Kisarawe, tukala, tukarudi. Mteremko hauna mlio. Lakini mimi sikuupata usingizi vizuri usiku ule, kwa sababu silinda ile nilimshauri mimi, na kabla hajatoa hela nilikuwa nimeisoma karatasi yake na kumwambia haina shida.

Nimeubeba mlio ule kwa wiki tano. Leo naandika jinsi nilivyoutafuta mpaka nikaukuta, na ulikuwa umejificha ndani ya tofauti ya mililita tatu.

## Alichobadilisha

Injini ya Rajabu ni ile ya fito za kusukuma valvu, inayopozwa kwa upepo, ambayo nusu ya vijiwe vya Dar vinaijua kwa kuigusa tu. Silinda yake ya awali ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inatembea milimita 49.5 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Hiyo ndiyo tunayoiita 125.

Silinda ilikuwa imelika, inakula oili. Kariakoo zinauzwa seti za kuigeuza 125 kuwa 150: silinda pana zaidi, pistoni yake, ringi na gasketi. Krenki haiguswi, kwa hiyo mwendo wa pistoni unabaki 49.5. Kinachokua ni kipenyo, kinafika 62.

Hedi yake ya zamani ilikuwa nzima, valvu zinakaa vizuri. Fundi akasema irudishwe ileile, hakuna sababu ya kununua nyingine. Nami nikakubali.

Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi chenye mistari minne iliyonihusu: kipenyo 62, mwendo 49.5, chumba cha kuchomea cc 14, uwiano wa mbano 9.2 kwa 1. Injini ya zamani nayo ilikuwa 9.2. Nikaona namba ni ileile, nikafunga karatasi.

## Kwanza nililaumu vitu vingine

Mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa muuza mafuta. Tukabadilisha kituo mara mbili, tukamwaga tangi lote, mlio ukabaki.

Kisha nikaigeukia kabureta, na hapo nilikuwa na sababu. Silinda ikikua inavuta hewa nyingi zaidi, na jeti ndogo ya 125 inaweza isitoshe. Plagi ilipotolewa ilikuwa nyeupe kama chaki, dalili kwamba mafuta ni kidogo kuliko hewa na injini inachemka. Tukaweka jeti kubwa zaidi. Baada ya siku mbili plagi ikawa na rangi ya kahawia, pikipiki ikawa inapoa vizuri.

Kilimani ikaendelea kugonga. Kidogo kuliko mwanzo, lakini inagonga.

Hapo ndipo nilipoirudia karatasi, safari hii na kalamu.

## Hesabu ya kwanza ni rahisi, na ina mitego miwili

Ujazo anaoufagia pistoni ni wa mcheduara: eneo la duara la silinda mara urefu wa mwendo.

```
Vs = π/4 × D² × L
```

Weka vipimo kwa sentimita, si milimita, na jibu litatoka moja kwa moja kwa sentimita za ujazo, ambazo ndizo cc. Kipenyo ni 6.2. Kikizidishwa kwa chenyewe ni 38.44. Ukizidisha kwa 0.7854 unapata eneo la sentimita za mraba 30.19. Mara 4.95, jibu ni 149.4. Kwa hiyo 150 ya kwenye boksi ni 149.4 iliyokuzwa kidogo, na haina udanganyifu. Ya zamani kwa njia hiyohiyo inatoka 124.1.

Mtego wa kwanza ni ile nne. Shuleni tulikariri pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, ila karatasi za injini zinatoa kipenyo kizima. Ukikiingiza kizima bila kugawa kwa nne, pikipiki ya kijiweni inageuka kuwa ya cc 598. Kosa la namna hiyo linajitangaza lenyewe, ndiyo maana silihofii sana.

Mtego wa pili haujitangazi. Uwiano wa mbano hauulizi silinda ni kubwa kuliko chumba mara ngapi. Unauliza hewa yote iliyokuwemo pistoni akiwa chini imebanwa ndani ya nafasi gani akiwa juu. Pistoni akiwa chini, nafasi iliyopo ni ya silinda pamoja na ya chumba.

```
CR = (Vs + Vc) / Vc
```

Ukisahau kujumlisha, unapata jibu lililopungua moja kamili, na jibu hilo linafanana na ukweli. Injini ya 9.2 inasomeka 8.2, na hakuna wa kushtuka.

Nikaingiza namba za karatasi. 149.4 jumlisha 14, gawanya kwa 14.

11.7.

Nikarudia mara tatu. Karatasi inasema 9.2, namba za karatasi hiyohiyo zinasema 11.7. Nilifikiri nimekamata wauzaji wakidanganya. Nilikaa na hasira hiyo karibu wiki nzima, na ilikuwa hasira ya bure.

## Vc si kile chumba cha kwenye hedi

Kilichonizindua ni gasketi kuukuu iliyokuwa juu ya meza. Niliishika kwenye mwanga nikatazama unene wake, nikajiuliza: pistoni akifika juu, hii nafasi ndani ya tundu la gasketi inajazwa na nani?

Na hewa, bila shaka. Hewa hiyohiyo inayobanwa.

Ile 14 ya kwenye karatasi ni shimo la kwenye hedi peke yake, ukiwa umeigeuza juu chini mezani. Vc ya kwenye hesabu ni kila upenyo uliobaki juu ya pistoni akiwa amefika mwisho wa kupanda. Kwenye injini hii nilizikuta nafasi tatu ambazo karatasi haizitaji.

Ya kwanza ni gasketi. Iliyokwisha kukandamizwa ilikuwa na unene wa milimita 0.8, na tundu lake lina kipenyo cha 62.5. Nayo ni mcheduara mfupi mno: cc 2.45. Pima iliyokwisha kukazwa, kwa sababu mpya ni nene zaidi na itakudanganya.

Ya pili ni pengo kati ya kichwa cha pistoni na mdomo wa silinda. Niliweka rula ya chuma juu ya silinda, pistoni akiwa juu kabisa, nikapenyeza fila geji. Ikaingia ya 0.40. Eneo la 30.19 mara sentimita 0.04 ni cc 1.2.

Ya tatu ilinichukua jioni nzima. Pistoni hana kichwa bapa, amechongwa vijishimo viwili ili valvu zisimguse. Vijishimo vile huwezi kuvipima kwa rula. Nilimshusha pistoni hadi ukingo wake bapa ukawa milimita 5 kamili chini ya mdomo wa silinda, nikapaka grisi nyembamba kumzunguka ili isivuje, nikafunika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha nikajaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano. Kama pistoni angekuwa bapa, pangeingia cc 15.1. Ziliingia 16.1. Kwa hiyo vijishimo vyote viwili ni cc 1.0.

Jumla ya vitu vitatu ambavyo karatasi haikuvitaja: 4.66. Ukijumlisha na 14 inakuwa 18.66, na uwiano unatoka 9.0.

Karatasi ilisema 9.2, mimi nimepata 9.0 kwa fila geji na bomba la sindano. Watu wale hawakudanganya. Walitoa namba mbili zenye msingi tofauti, moja ya hedi tupu na nyingine ya injini iliyofungwa, wakaziweka mstari juu ya mstari.

Nilifurahi kuipata hesabu. Kisha nikakumbuka kwamba pikipiki bado inagonga.

## Hedi ya nani?

Kwa 9.0 injini ile haikupaswa kulalamika hata kidogo. Nilipitia kila mstari tena, nikasimama kwenye 14.

Ile 14 ni ya hedi gani?

Ni ya hedi ya 150, hedi ambayo seti ilitengenezwa kukaa nayo. Rajabu hana hedi hiyo. Rajabu ana hedi ya 125, na mimi ndiye niliyekubali irudishwe.

Tukaifungua Jumamosi jioni uani kwangu Ukonga. Tukakwangua masizi yote kwanza, maana masizi yanakula nafasi na kuharibu kipimo. Plagi tukaiacha imekazwa mahali pake, valvu tukazipaka grisi kwenye viti vyake, tukaiweka hedi chali. Plastiki juu, tundu lake upande ulioinuka kidogo ili hewa ipande na kutoka. Nilinunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, kwa sababu mistari yake ni ya karibu kuliko ya bomba kubwa.

Rajabu akashika tochi, mimi nikasukuma polepole. Bomba la kwanza likaisha, la pili likaisha. La tatu nilisukuma mililita moja, na kipovu cha mwisho kikatoka tunduni.

"Kumi na moja," akasema.

Tukarudia mara mbili: 11.2, kisha 10.9. Nikashika 11.0.

Tatu pungufu. Ni kama nusu ya kijiko kidogo cha chai.

Weka 11.0 mahali pa 14, acha vingine vyote kama vilivyo. Vc inakuwa 15.66, na uwiano unapanda hadi 10.5.

Nilimwonyesha Rajabu karatasi. Akauliza swali zuri kuliko yote niliyojiuliza wiki zile: "Sasa mbona hedi hiihii haikuwa inagonga kwenye silinda ya zamani?" Kwa sababu kule ilikuwa inabana cc 124 tu. Ukichukua 11.0 ileile, gasketi yake ndogo, pengo lake na vijishimo vya pistoni wake, inatoka 9.2 au 9.3. Chumba hakikubadilika. Tulikiongezea mzigo wa hewa ya cc 25 na kukiambia kiibane palepale.

## Kwa nini kilimani tu

Mafuta ya petroli yanapaswa kuwaka kwa moto unaosafiri kutoka kwenye plagi kuelekea kingo. Mchanganyiko ulioko kingoni unangoja zamu yake huku ukibanwa na kupashwa joto na moto unaokuja. Ukiwa umebanwa sana tangu mwanzo, unawaka wenyewe kwa mpigo mmoja kabla moto haujafika. Huo mpigo ndio kokoto tulizozisikia.

Kilimani vyote vinaungana. Mafuta yamevutwa yote, kwa hiyo silinda inajaa kweli. Mzunguko ni wa polepole, kwa hiyo mchanganyiko wa kingoni una muda mrefu wa kungoja. Mwendo ni mdogo, upepo wa kupoza mapezi ya silinda ni mdogo, na joto la Dar tunalijua. Barabara tambarare, robo ya mafuta, 10.5 ileile inapita kimya. Ndiyo maana fundi alipoijaribu barabarani hakusikia kitu, na hakuwa anadanganya.

Jambo jingine lililotupotezea siku ni geji ya kompresheni. Fundi mmoja aliikaza mahali pa plagi, akapiga kiki mara kadhaa, ikasoma paundi 175. Akagawanya kwa 14.7, ambayo ni shinikizo la hewa ya kawaida, akasema uwiano ni 11.9. Njia hiyo haifiki. Hewa ikibanwa inapata joto, na joto linapandisha shinikizo kupita uwiano wenyewe. Upande mwingine, valvu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga baada ya pistoni kuanza kupanda, kwa hiyo sehemu ya hewa inarudi nje. Ongeza nguvu ya kiki, ringi, na kama mafuta yalivutwa wakati wa kupima. Geji inajua kukuambia kama injini inavuja au kama imebadilika tangu mwezi uliopita. Uwiano unatoka kwenye vernia na bomba la sindano.

## Mahali pa kuwa mwangalifu

Nilitaka kujua kipimo changu kinaweza kukosea kiasi gani, nikafanya majaribio mawili kwenye karatasi. Nikidanganywa na vernia nikasoma kipenyo 62.1 badala ya 62.0, uwiano hausogei hata nusu ya sehemu moja ya kumi. Nikikosea 0.2 tu kwenye chumba, unasogea zaidi ya sehemu moja ya kumi nzima.

Sisi wote tunapigania kipenyo. Tunabishana kijiweni kuhusu 62 na 63, na hedi tunaipitisha kwenye kioo chenye msasa "kuinyoosha" bila kupima kilichoondoka. Lakini chumba kinakaa chini ya mstari wa kugawanya, na kila tone linalopungua pale linahesabiwa kwa silinda nzima iliyo juu yake.

## Tulichofanya

Njia ya haraka ilikuwa gasketi mbili. Nilipiga hesabu: ili kurudi 9.2 tulihitaji cc 2.6 hivi zaidi, yaani milimita 0.8 hivi za unene, ambayo ni gasketi moja ya ziada. Kwenye karatasi inakubali. Mimi sikukubali. Gasketi mbili zilizolaliana zinatafuta pa kuvujia, na kwenye injini ya fito, hedi ikiinuka fito haziifuati, inabidi tapeti zote zirekebishwe upya. Zaidi ya hayo mdomo wa hedi ya 125 ni mwembamba kuliko silinda ya 62, kwa hiyo ukingo wake unaning'inia ndani ya silinda. Ni kitu ambacho hakikuumbwa kikae pale.

Tukarudi Kariakoo kutafuta hedi ya 150. Safari hii nilibeba bomba la sindano, plastiki na chupa ndogo ya mafuta ya taa mfukoni. Muuzaji alinitazama kwa mshangao, kisha akasogeza vitu mezani akanipa nafasi. Hedi ya kwanza ilitoka 12.6, ingawa ina chapa ileile na bei ileile. Ya pili ikatoka 13.8. Nikachukua ya pili: Vc 18.46, uwiano 9.1.

Jumapili iliyopita tulipanda tena Pugu, gia ya tatu, mafuta yote, mimi nyuma. Nilikuwa nimevua helmeti ya kuazima kabla hatujaanza ili nisikie, Rajabu akakataa kuondoka mpaka nilipoivaa tena. Kwa hiyo nilisikiliza kupitia sponji. Injini ilivuma tu, nzito, mpaka juu.

Hedi ya zamani niliiosha, nikaandika 11.0 kwa kalamu ya rangi ubavuni. Kijiweni kwa Rajabu kuna kijana ambaye hedi yake imepasuka uzi wa plagi, na silinda yake bado ni 56.5. Jana jioni nilimpelekea.